Matundu Sita Yasiyo na Kuku

Mwanamke wa kushika funguo za choo cha soko hawezi kuwa mpole. Akiwa mpole, haipiti wiki choo kimegeuka ghala la magunia, chumba cha mwisho analala mlinzi, na ndoo zimeolewa nyumba nyingine. Ndiyo maana kamati ya soko ilipotafuta mtu wa kazi hiyo haikuhangaika mbali. Ilimwendea bibi mmoja muuza mitumba, ambaye hata mbwa wa pale sokoni walikuwa wakimpisha njia. Wakamkabidhi funguo kwenye kamba, akazivaa shingoni, na kuanzia siku hiyo jina alilopewa na wazazi wake likastaafu. Akawa Bi Funguo.

Kusoma alisoma kwa kubahatisha, tena herufi kubwa tu. Herufi ndogo, alisema, ni za watu wenye siri. Jina lake aliweza kuliandika, na alipoliandika lilichukua mistari miwili na kumgusa jirani. Lakini elimu ya kumjua mtu kwa mwendo wake alikuwa nayo ya kumtosha yeye na ukoo mzima. Mtu akitokea kule kwenye viazi, yeye ameketi zake kwenye kigoda mlangoni, alishajua huyu anakwenda chumba gani na atakaa muda gani.

Choo chenyewe kilikuwa jengo la matofali mwisho wa safu ya mboga: milango ya buluu, tangi la maji juu ya paa, na beseni la kunawia lenye sabuni iliyofungwa kamba, kwa sababu sabuni za mwanzo ziliota miguu. Kilijengwa na shirika moja la mjini kwa msaada wa wafadhili wa nchi ya mbali. Bi Funguo alikipiga deki mara nyingi kuliko alivyopiga deki nyumbani kwake, na aliyethubutu kusema kinanuka aliambiwa akanuse kwapa lake kwanza.

Asubuhi moja akamwona binti anakuja na mkoba wa kompyuta, mwendo wa haraka, uso umejikunja. Akamtengea ufunguo wa chumba cha kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Haja kubwa au ndogo?"

"Sina haja, bibi. Nimekuja kwa kazi."

"Hata hiyo ni kazi, mwanangu. Usiidharau."

Binti alikuwa afisa habari wa lile shirika lililojenga choo, yule anayeandika mambo ya shirika yakasomwa kwenye mtandao. Sokoni walimwita Kalamu, maana alipita akiwa nayo sikioni kama fundi seremala. Akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake.

"Bibi, tumepata balaa. Wafadhili wametuandikia wanauliza kuku wanaendeleaje."

"Kuku gani?"

"Ndiyo hapo. Ripoti ya mradi iliandikwa na watu wa ufundi. Kwenye jedwali wakaweka 'Matundu: sita.' Hawakumalizia kuwa ni matundu ya vyoo, maana wao wanajuana. Wafadhili huko hawakijui Kiswahili, wakaitia ripoti kwenye kompyuta iwatafsirie. Kompyuta ikaona matundu, ikadhani ni matundu ya kuku. Sasa wanafurahi sana kusikia wafanyabiashara mia tatu na arobaini wamenufaika na matundu sita, na wanauliza mayai ni mangapi kwa wiki."

Bi Funguo alicheka mpaka funguo zikapigana shingoni. Akapaza sauti kuelekea kwenye vitunguu.

"Mama Vitunguu! Njoo usikie! Wazungu wamesema sisi ni kuku!"

Mama Vitunguu, shoga yake wa meza ya pili, akaja akijifuta mikono. "Kuku wa nini?"

"Wa mayai. Nimewaambia wewe ulishaacha kutaga."

"Na wewe unalalia viza," akajibu Mama Vitunguu, na wote wawili wakaegemeana kwa kicheko.

Kalamu peke yake hakucheka. Akaeleza. Wafadhili wale ni chama cha wastaafu. Jumamosi wana mkutano wao, na wataamua mradi gani wauendeleze na upi wauache. Jengo la pili la choo, lile lililoahidiwa kwa wachuuzi wa ng'ambo ya barabara, linategemea mkutano huo. Mkurugenzi amemwagiza aigeuze ripoti ile iwe simulizi ya kwenye blogu ya shirika, kitu ambacho mtu atakisoma mpaka mwisho na moyo umguse. Ripoti zenyewe, kwa kweli, hakuna anayezisoma. Kompyuta huonyesha watu wamefungua, wamekaa kidogo, wamekimbia.

Bi Funguo akaacha kucheka. Ng'ambo ya barabara alikuwako mkwe wake, mke wa mwanawe wa mwisho, anauza nyanya na tumbo la miezi saba. Kuvuka ile barabara ya malori kufika chooni ilikuwa safari, na nyanya usipozilinda zinajivukia zenyewe. Basi yule mkwe hakuwa akinywa maji toka anapotoka nyumbani mpaka anaporudi. Muuguzi wa kliniki alishamwambia mara mbili: hayo maumivu ya chini ya kitovu na homa za jioni ni maambukizi ya mkojo, unaubana na hunywi, utamponza mtoto. Mkwe akaitikia vizuri, akameza dawa, akarudi kazini na koo kavu.

"Nisomee ulichoandika," akasema Bi Funguo.

Kalamu akafungua kompyuta, akakohoa kidogo. "'Mradi ulilenga kuimarisha upatikanaji wa huduma shirikishi na endelevu za usafi wa mazingira kwa makundi yaliyo katika hali hatarishi kupitia uwezeshwaji wa jamii...'"

Aliendelea. Alipoinua macho, Mama Vitunguu alikuwa amerudi kwenye vitunguu vyake, na Bi Funguo amefumba macho.

"Bibi, umelala?"

"Hapana. Nangoja umtaje marehemu. Hayo si maneno ya msibani?"

"Ni maneno ya ripoti."

"Basi mwanangu, choo kiko wapi hapo? Mimi niko wapi? Mtu anayeingia na kutoka yuko wapi?"

"Ndiyo hilo," Kalamu akakubali. Alijua kazi yake, ila alikuwa amekaa muda mrefu na watu wa majedwali, na ugonjwa huo unaambukiza. "Ripoti huwa inajibu tulifanya nini na fedha zilikwendaje. Lazima iwepo, ila ni ya wakaguzi. Simulizi inamjibu mtu wa kawaida: ni nani huyu, ilikuwaje kwake, na sasa ikoje. Nimpate mtu mmoja tu, jambo moja lililobadilika. Nimekuja kwako."

"Umefika," akasema Bi Funguo, akajiweka sawa kitambaa cha kichwa.

Kumbe Kalamu alikuwa na karatasi ya pili mkobani. Mkurugenzi alimwambia ajaribu na ya kulia, maana wafadhili hupenda ya kulia. Akaisoma akiwa amejiinamia, kama mtu anayetoa kopo lililooza. "'Katika kona yenye giza ya soko anaishi bibi mjane, mnyonge, asiye na tumaini. Machozi yakimlengalenga...'"

Hakumaliza. Bi Funguo alikuwa amesimama.

"Mjane? Umemuua mume wangu bila hata kumpa taarifa?"

"Kwenye fomu iliandikwa unaishi peke yako, bibi..."

"Naishi peke yangu kwa sababu nilimfukuza! Yu mzima, yuko kwa dada yake, anakula na kunenepa. Na mnyonge ni nani? Machozi yamenilenga lini? Yangenilenga yangenikosa!"

"Samahani, bibi. Hata mimi sikuipenda. Naichana."

"Chana, halafu itupe kule chumba cha nne. Maji yapo."

Kalamu akaichana mbele yake. Hapo Bi Funguo akashika hatamu mwenyewe. Akamwambia andika, nitasema. Akasema vizuri kwa kweli, mkono mmoja kiunoni. Kwamba soko lile lilikuwa halina mbele wala nyuma mpaka alipotokea yeye. Kwamba choo kile ni fikra yake, wahandisi walikuja tu kushika kamba. Kwamba yeye hakuwahi kuwa na shida ya choo hata siku moja, mwili wake unamtii, ila aliwahurumia wenzake. Na wafadhili wakitaka kuja kupiga naye picha, waje, wavue viatu mlangoni.

Kalamu aliandika yote, akamsomea. Yalisikika kama risala ya mgombea udiwani. Hata Bi Funguo mwenyewe katikati alijikuta anamtafuta huyo mama shujaa ni nani.

"Bibi," Kalamu akasema taratibu, "kama hukuwa na shida, walikusaidia nini? Mtu akisoma hapa atasema: huyu bibi hana haja na sisi, tukamsaidie mwingine."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Sivyo!" Sauti ilitoka kwenye vitunguu. Mama Vitunguu hakuwa amekosa neno hata moja. "Muulize habari ya chai!"

Bi Funguo akageuka kama aliyeumwa na siafu. "Mama Vitunguu, funga duka lako."

"Duka liko wazi. Mwanangu, muulize chai."

Kalamu akanyanyua kichwa. "Chai gani?"

Hilo la chai kwa jumla Mama Vitunguu alikuwa na ruhusa ya kulisema, kila mwanamke wa safu ile alilijua. Zamani za kukosa choo, katika safu yao, kumkaribisha mwenzako chai asubuhi ulikuwa uchokozi. Si ukarimu, uchokozi. Maana chai ina adabu zake, huwezi kuikataa mbele za watu. Utainywa, na ikifika jua la utosini utajuta. Choo cha karibu kilikuwa kwenye nyumba ya kulala wageni, na mwenyewe anawafungia wachuuzi mlango. Wanaume walikuwa na ukuta wa nyuma, Mungu kawasaidia na bomba lao. Wanawake walikuwa na subira. Kwa hiyo wanawake waliokosana hawakutukanana. Walinunuliana chai. Muuza chai alijua, akipita safu ile alikuwa anauliza, "Leo nani ana ugomvi na nani?"

Kalamu alishaacha kuandika, amebaki mdomo wazi. Halafu akaandika mbiombio. "Na sasa?"

"Sasa tunakunywa," akasema Mama Vitunguu. "Muuza chai anapita mara mbili, tena ana maandazi."

"Hii ndiyo," Kalamu akanong'ona. "Hii ndiyo yenyewe, bibi. Hakuna mtu duniani ambaye hawezi kuielewa hii. Lakini nataka siku moja. Nani alimpelekea nani chai, na ikawaje."

Mama Vitunguu akaanza kupanga vitunguu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Siku hiyo ilikuwepo. Wawili hao walikuwa wamekosana kwa sababu ya kivuli: mwavuli wa mmoja ulimnyima mwenzake jua la kuanikia, au ulimpa jua la kuunguzia, hata wao hawakumbuki. Mama Vitunguu akampelekea Bi Funguo chai, si kikombe, jagi dogo. Bi Funguo, kwa kiburi chake, akanywa yote. Akarudisha jagi na kusema, "Haikukolea. Ongeza." Akaongezwa, akanywa tena, huku anamtazama adui yake machoni. Mchana akaja mnunuzi mmoja asiye na haraka, akafunua gauni moja moja, anauliza hili kola yake ikoje, hili lina pacha wake, na Bi Funguo ameketi juu ya rundo la nguo, jasho linamtiririka, hathubutu kuinuka wala kucheka wala kupiga chafya. Akapiga chafya.

Kwa miaka yote alisema chupa ya chai ilivuja. Mama Vitunguu peke yake alijua kuwa siku ile hapakuwa na chupa. Kwa siri hiyo ndipo walipopatana: mmoja hakusema, mwingine hakulipiza, na urafiki ukaota juu ya uchafu kama unavyoota mboga nzuri.

Bi Funguo hakumsimulia Kalamu. Alisema tu, "Siku hiyo haipo," akachukua fagio, akaingia chumba cha tatu ambacho kilikuwa kimeshafagiliwa.

Kalamu hakumfuata. Aliongea kupitia mlango. "Bibi, si lazima. Ulichonacho ni chako. Nikiandika chai tu bila hiyo siku, bado ni nzuri. Na hata ukinisimulia, naweza kuficha jina lako. Ila nikuambie ukweli, kitu kikishawekwa kwenye mtandao kinasomwa na yeyote, hata hapa sokoni kwenye simu zao, na kukifuta kabisa ni vigumu. Fikiri. Nitarudi kesho."

Adhuhuri Bi Funguo alifunga choo dakika chache, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua, akavuka barabara. Mkwe alikuwa amekaa nyuma ya nyanya zake, midomo imempasuka. Mkononi ana chupa ya maji, imejaa. Alitoboa kifuniko vijishimo, na alikuwa anazinyunyizia nyanya ili zing'ae.

"Mkwe wangu, unakunywa?"

"Nakunywa, mama."

"Lini?"

"Jioni, mama."

Bi Funguo akazitazama nyanya, zimeshiba zinametameta, na mtoto wa mwanawe yuko ndani ya tumbo la mtu mwenye kiu. Akachukua nyanya moja bila kulipa, haki ya mama mkwe, akarudi kwenye choo chake akiwa amekasirika na dunia nzima kuanzia na nafsi yake.

Kesho yake Kalamu hakupewa hata nafasi ya kuamkia.

"Kaa. Andika. Nasema mara moja."

Akasema yote: jagi, la pili, mnunuzi, chafya. Mama Vitunguu alikuja kusimama karibu, mkono mdomoni, maana hata yeye hakuwahi kuisikia kutoka upande ule. Kalamu aliandika hakuinua kichwa.

"Halafu ulifanyaje, bibi? Ulilia?"

"Nilie kwa nini? Niliziuza."

"Uliuza nini?"

"Zile nguo. Nilizisuuza jioni, nikazianika, nikaziuza. Gauni la maua alinunua mke wa mwenyekiti."

Mama Vitunguu akakaa chini kabisa, kwenye sakafu, akashika mbavu.

"Hilo la gauni tuliache, bibi," Kalamu akasema, machozi ya kicheko yanamtoka. "La mke wa mwenyekiti hasa. Yeye hajaombwa ruhusa. Nitasema uliziuza, basi."

"Sawa. Lakini kuuza kubaki! Ndiyo utamu wenyewe. Ukiitoa nabaki mnyonge."

"Inabaki. Na jina? Niliweke au nilifiche?"

Bi Funguo akajivuta. "Ukificha watasema ni Mama Vitunguu. Niteseke mimi, sifa apate yeye?"

Basi Kalamu akakaa kwenye ndoo yake akaipanga mpaka mchana. Alikuwa mtu mwingine sasa. Alisema kwa sauti kila alipokata kitu. Akaanza moja kwa moja: *Katika safu yetu, ukitaka kumkomoa mwenzako, ulimnunulia chai.* Shirika halikutajwa mpaka msomaji awe ameshampenda bibi. Neno "mnufaika" alilifuta, akaweka "wanawake wa soko." Ile mia tatu na arobaini akaipeleka chini, peke yake, baada ya chafya, ili msomaji aione ni chafya mia tatu na arobaini na si namba. Neno "matundu" akalinyonga kabisa, akaandika vyumba vya choo. Mwisho akavuka barabara kwenda kumwomba mkwe ruhusa, akaandika habari ya chupa ya kunyunyizia nyanya, na ombi moja tu: jengo la ng'ambo. Chini kabisa akaweka mahali pa kubonyeza kwa anayetaka ripoti nzima. Na tafsiri akasema haitafanywa na kompyuta, itafanywa na mwenzake wa ofisini aliyewahi kubanwa na mkojo.

Alipomsomea Bi Funguo yote, neno kwa neno, bibi alimsimamisha mahali pawili. Pa kwanza paliandikwa "aliona aibu."

"Sikuona aibu. Niliona baridi."

Likabadilishwa. Pa pili paliandikwa wafadhili wamemwokoa. Akasema mimi sikuokolewa, mimi nilijengewa. Kalamu akafikiri, akasema ni kweli tena inasomeka vizuri zaidi, akaweka "mlitujengea".

Mkurugenzi alipotumiwa alipiga simu, sauti ikasikika mpaka kwenye viazi. "Historia ya shirika iko wapi? Malengo matatu ya kimkakati yako wapi? Na huu mkojo kwenye blogu yetu! Wafadhili ni watu wa heshima!"

"Ripoti tuliyowatumia ilikuwa ya heshima, bosi. Wakatuuliza mayai."

"Hata hivyo..."

Bi Funguo akanyoosha mkono, akapewa simu. "Mkurugenzi, habari za huko. Wewe hukojoi?"

Upande wa pili karatasi zikasikika zikipangwa.

"Nauliza tu. Kama hukojoi tuache. Kama unakojoa, wenzako nao wanakojoa, na hao wastaafu wanakojoa kutushinda wote. Kwaheri." Akairudisha simu kwa mwenyewe. Mkurugenzi, akiwa bado hewani, akasema kwa sauti ndogo kwamba basi nembo ya shirika ionekane angalau.

Picha ilipigwa mlangoni, uso mzima, kitambaa kipya, funguo kifuani. Kalamu alimwonyesha tatu achague. Alichagua ile ambayo hakutabasamu.

Simulizi ikatoka Alhamisi. Ijumaa soko zima lilikuwa nayo kwenye simu. Vijana wa viazi waliisoma kwa sauti na kwa vitendo. Mtu mmoja akawa anapita mbele ya choo akipiga chafya za uongo. Usiku ule Bi Funguo alirudi nyumbani bila kuaga, na Mama Vitunguu aliyemfuata nyuma hakumwona akigeuka. Jumamosi alikuja kazini mapema kuliko siku zote, akapiga deki mara mbili, na hakumpa mtu nafasi ya kumwamkia.

Kalamu alifika Jumatatu mbio, kompyuta imefunguliwa tayari. Watu walikuwa wameisoma mpaka mwisho, wamekaa nayo, wamewatumia wenzao. Na wameandika. Akasoma. Bwana mmoja aliuliza zile nguo zilipunguzwa bei au la. Mwingine alikuwa bado anaulizia kuku. Halafu mama mmoja mstaafu, aliyekuwa dereva wa basi la abiria huko kwao, aliandika kwamba kituo cha mwisho cha njia yake hakikuwa na choo. Maisha yake yote ya kazi aliendesha bila kunywa kitu, na abiria wakimkaribisha kahawa anakasirika nao na hawajui kwa nini. *Nilidhani ni mimi peke yangu*, aliandika. *Mwambieni bibi mwenye funguo kwamba kiti cha dereva nacho nilikisuuza.* Yeye ndiye aliyesimama mkutanoni Jumamosi. Jengo la ng'ambo limepita.

Bi Funguo aliomba asomewe tena hapo pa dereva. Akasomewa. Akaomba tena.

"Mwandikie," akasema mwishowe, "mwambie alifanya vizuri kukisuuza. Mimi mambo yangu niliyatia sokoni."

Mafundi walikuja baada ya wiki chache na kamba na vigingi vya kupigilia chini. Ng'ambo ile kuna muuza nyama mmoja mwenye bucha la vioo, mtu wa maneno. Alipomwona Bi Funguo anavuka barabara na fagio begani alitoka mlangoni na kisu chake.

"Bibi, karibu! Leo umevaa kavu?"

Wachuuzi wakaguna, wakangoja. Bi Funguo hakupunguza mwendo.

"Mimi kavu. Wewe ndiye niliyekuona juzi unageukia ukuta, halafu ukaenda kukata maini. Iandikwe na hiyo kwenye mtandao? Kalamu yupo, ana nafasi."

Foleni ya bucha ikageuka ikamtazama muuza nyama mikono. Yeye akaitazama pia, akarudi ndani, na maji yakasikika yakifunguliwa.

Bi Funguo akafika kwa mafundi. Akavitazama vigingi vyao, akauliza mlango utaelekea wapi. Fundi mkuu akaonyesha: huko, mbele ya bucha.

"Wanawake watoke humo waangaliane na huyo?" Akainama, akang'oa kigingi cha kwanza.

"Mama," mkwe wake akaita kutoka kwenye nyanya, "waache watu wafanye kazi!"

"Nawaacha!" akajibu, anang'oa cha pili. "Nani kawashika? Geuza kamba, wewe, mlango uangalie nyanya."